Karatasi Isiyosema kwa Nini

Karatasi ya kwanza niliiandika mwenyewe, na niliionea fahari. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, vidonge vya penisilini vilipoanza kufika kwenye maduka ya dawa ya Morogoro. Kabla ya hapo penisilini tuliijua kama sindano ya hospitali. Sasa mtu aliweza kushuka kutoka mlimani na cheti cha daktari, akapewa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya kaki, akarudi navyo kwake. Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka, aliona hatari iliyokuwemo humo kabla yangu.

Aliniita akanipa ukurasa mzima alioandika kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa karani wake wa kaunta, na kwa kuwa nilifika sekondari, kazi ya kuandika kwa Kiswahili ilikuwa yangu.

"Karani, watu wanaacha dawa wakipata nafuu," alisema. "Wengine wanagawana kama karanga. Andika wasifanye hivyo. Waeleze na sababu."

Nilikwenda kuandika. Sababu zilikuwa ndefu. Ilibidi nieleze vijidudu, jinsi vinavyokufa na jinsi vinavyobaki, na niliona maneno yakinizidi. Nikaziacha zote. Nilirudi kwake na mistari mitatu: Maliza vidonge vyote. Usiache hata ukipata nafuu. Usimpe mtu mwingine.

Aliisoma mara mbili. "Na sababu ziko wapi?"

"Bahasha ni ndogo, bwana. Na watu wa mlimani hawahitaji sababu. Wanahitaji kuambiwa la kufanya."

Mimi mwenyewe ni mtu wa mlimani. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya, wewe unawajua watu wako." Tukazipiga kwa mashine ya stensili, tukawa tunatia moja katika kila bahasha.

Wateja hawakuipokea nilivyotarajia. Mzee mmoja wa Kisaki aliipindua huku na huku. "Hii nayo inamezwa kabla ya chakula?" Watu wakacheka. Mama mmoja, muuza kabichi, aliniambia wazi: "Mwanangu, nikipona nikabakiza, nitaweka kwa siku nyingine. Nyie mnataka tumalize ili turudi kununua." Nilimjibu kwa ukali kwamba asome karatasi. Akasema ameshaisoma, haielezi kitu. Nikamwita anayefuata.

Miaka ile watu wa Uluguru walikuwa wamechoka kuamriwa. Waliamriwa wachimbe matuta katika mashamba yao ya mteremko, na waliouliza faida yake hawakujibiwa wakaridhika. Nami nikawaongezea amri nyingine ndani ya bahasha ya dawa. Sikuliona hilo wakati ule.

Mke wangu hakukaa nami mjini. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na yeye alikuwa na shamba la njegere na ndizi karibu na nyumba ya mama yake, juu, saa nne za kupanda kwa miguu. Mimi nilipanga chumba kimoja mjini, nikawa napanda kila Jumamosi duka likifungwa mchana na kushuka Jumapili baada ya misa. Hatukuwa na mtoto bado. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na tulihesabu kwamba mwaka wa nne nitapata nyumba yenye vyumba viwili na ua.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha alishikwa na kichomi. Walimshusha kwa machela hadi hospitali, wakamlaza siku mbili wakimpiga sindano. Homa ilipoanza kushuka aliomba arudi kwa mama yake, na daktari akamwandikia vidonge vya siku saba, kimoja mara nne kwa siku. Cheti alikileta dukani ndugu yake. Vidonge nilivihesabu mwenyewe, ishirini na vinane, nikatia karatasi yangu juu yake, nikaifunga bahasha. Ilikuwa Jumatatu asubuhi.

Jumamosi nilipopanda nilimkuta shambani, ameinama kwenye njegere. Aliponiona alinyooka akaweka mikono kiunoni.

"Karani umechelewa. Tulikusubiri uje utufanyie maombolezo."

"Nani amekuruhusu kushika jembe?"

"Mgonjwa ameondoka. Yupo mke wako tu."

Nilifurahi mno. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yake. Tulipoingia ndani niliiona bahasha ya kaki juu ya kibao, imekunjwa vizuri, haina kitu. Karatasi yangu ilikuwa imechomekwa ukutani kwa mwiba, kama picha.

"Vidonge viko wapi?" nilimuuliza.

"Nilimpa mama. Alhamisi niliamka sina homa hata kidogo, na yeye alikuwa anakohoa kifua kinauma. Ningewezaje kumeza peke yangu huku mama anakohoa?"

"Lakini umesoma karatasi."

"Nimesoma. Nimemsomea na yeye. Akauliza kwa nini, nikaitazama tena, haikusema." Akacheka. "Nikamwambia mume wangu ameandika kama bwana shamba wa matuta."

Mama mkwe alikuwa nje, anapepeta mahindi. Kwa mila zetu mkwe wa kiume hasimami mbele ya mama mkwe akamwambia umekosea. Humtazami sana usoni, huli naye sahani moja, na jambo zito hulipeleka kwa kupitia kwa mtu mwingine. Nilitoka, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Dawa yenu ni nzuri. Kifua changu kimefunguka."

"Nashukuru, mama."

Basi. Hayo ndiyo niliyosema. Nilijua kwamba mke wangu alikuwa amemeza siku tatu tu kati ya saba. Ningeweza kushuka jioni ile ile, nikamwamsha tajiri, nikamweleza daktari. Ningeweza angalau kumwambia mke wangu turudi wote hospitali Jumapili. Lakini ningelazimika kusema mbele ya mama yake kwamba vidonge alivyokula havikuwa vyake, na kwamba vilikuwa na kazi bado kwa binti yake. Niliona aibu. Nikajiambia, mbona amepona, mbona analima. Nilijidanganya kwa maneno yale yale ya wateja niliokuwa nikiwakaripia kaunta.

Jumapili nilishuka. Alinisindikiza hadi kwenye kijito, akanipa mkungu mdogo wa ndizi, akasema nikazile kabla panya wa chumbani kwangu hawajazimaliza.

Alhamisi iliyofuata ndugu yake alinijia dukani akiwa ameloa jasho. Homa ilikuwa imerudi tangu Jumanne, kali kuliko ya kwanza, na pumzi ilikuwa fupi. Walikuwa wamemshusha tena. Nilikimbia hospitali nikiwa bado nimevaa koti la duka.

Daktari alichoma sindano ubavuni akatoa usaha. Aliuliza dawa zilimalizwa vipi, nikamweleza kweli. Hakunipigia kelele. Alisema vidonge vya siku za kwanza huua vijidudu vilivyo dhaifu, ndiyo maana mgonjwa hujisikia mzima. Vile vigumu huwa vimebaki, na dawa ikikatwa huzaana tena. Akaongeza kwamba hawezi kuapa kuwa angemaliza angepona. Wapo wanaomaliza na ugonjwa ukarudi. Neno hilo alilisema kwa huruma, na nimelibeba miaka yote hii bila kujua niliweke wapi.

Walimpiga sindano siku tano. Siku ya tatu mke wangu aliniuliza kama nimemwambia mama yake.

"Bado."

"Usimwambie," alisema. "Atajiua."

Alifariki asubuhi ya siku ya sita. Tulimpandisha mlimani akazikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, mahali ambapo mimi sina haki ya kulala. Mama mkwe alinishika mikono akalia, akasema, "Mimi mzee dawa imeniponya, mwanangu imemshinda. Mungu ana mambo yake." Kikohozi chake, nilivyokuja kuelewa, kilikuwa cha mafua ya masika. Kingekwisha chenyewe.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Nilizitoa karatasi zote zilizobaki chini ya kaunta, nikamwambia tajiri nataka kuandika upya, na safari hii bahasha iwe kubwa. Akakubali. Niliandika siku tatu. Nakumbuka karibu neno kwa neno:

"Dawa hii huua vijidudu vinavyokuletea ugonjwa. Siku za kwanza hufa vilivyo dhaifu, nawe utajisikia umepona. Vyenye nguvu bado vimo ndani. Ukiacha sasa vitazaana, na ugonjwa ukirudi dawa hii inaweza kushindwa. Meza mpaka siku aliyosema daktari. Usimgawie hata umpendaye. Ukigawa, wewe haitakutosha, na yeye huenda ugonjwa wake si huu. Mafua na malaria havitibiwi na dawa hii. Wapo pia watu ambao dawa hii huwadhuru, wakatoka vipele au wakashindwa kupumua. Anayeumwa aende akapimwe apate yake."

Nilipoandika "hata umpendaye" nilisimamisha kalamu kwa muda. Nilijua karatasi hiyo itapanda mlimani.

Ilipanda. Mwezi wa tatu au wa nne baadaye, siku ya soko, mama mkwe aliingia dukani. Hakuwahi kuingia kabla. Watu walimpisha. Alikuwa ameishika ile karatasi, imelegea kwa kukunjwa. Mtoto wa jirani ndiye aliyemsomea.

Nilipiga goti nyuma ya kaunta. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile fupi?"

"Mimi pia."

"Haya ya humu, ulikuwa unayajua wakati ule?"

Ningeweza kusema uongo, na mke wangu angependa nifanye hivyo. "Nilikuwa nayajua, mama."

"Ulipokuja Jumamosi. Nikakwambia kifua changu kimefunguka. Ulikuwa unayajua."

"Ndiyo."

Aliinyoosha karatasi kwa kiganja. Mteja aliyekuwa nyuma yake aliacha hata kukohoa.

"Ningesomewa hii," mama mkwe alisema, "nisingepokea hata kimoja. Ningemshikia kikombe cha maji mpaka cha mwisho." Akaikunja karatasi, akaiweka juu ya kaunta mbele yangu, akatoka.

Sikupanda tena mlimani kwa mwaliko wa mtu. Nilikuwa naenda kaburini siku za kawaida, watu wakiwa mashambani, na mara nyingi nilikuta pamefagiwa. Nyumba ya vyumba viwili nilikuja kuipata. Chumba cha pili nilikitia magunia, nikawa nalala katika hicho cha kwanza, na sikuoa tena.

Mama mkwe alipoweka ile karatasi siku ile, mteja aliyemfuata alisogea na cheti chake. Alikuwa mwanamke wa Dumila, ana mtoto mgongoni. Nilihesabu vidonge. Nilitia karatasi ndani ya bahasha, kisha nikaitoa tena. Nilimuuliza nyumbani anaishi na nani, na kama yupo mwingine anayekohoa. Akasema yupo, mama yake.

Nikazunguka kaunta, nikakaa naye kwenye benchi, nikaanza kumsomea.