Kitufe cha Kijani cha Mzee Zagabe

Domitille hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo mapema, maana mtakayoyasikia yatawafanya mnune.

Tangu ugonjwa umpooze baba yake, mzee Zagabe, upande wote wa kulia, ni yeye aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani katika nyumba yao ya mtaa wa Kasha. Televisheni nayo ilikuwa mikononi mwake. Rimoti ya zamani ilijaa vitufe vidogo kama punje za mtama. Kidole cha kushoto cha mzee kilitafuta kimoja, kikabonyeza viwili, na picha ikapotelea kusikojulikana. "Domitille! Télé imepotea tena!" Naye alikuwa akija mbio kutoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo, akinung'unika. Msidanganyike na manung'uniko hayo. Aliyapenda. Nani mwingine katika ukoo mzima aliitwa namna ile?

Kisha Aimée akaleta wema wake. Aimée ni mke wa Raphaël, kaka yake Domitille; anafanya kazi ofisini, na viatu vyake havijui matope hata mvua inyeshe vipi. Jumapili moja alikuja na kisanduku kidogo, akakiunganisha na televisheni na intaneti ya nyumbani, akakipanga kiwake kwenye ukurasa wenye picha moja tu kubwa, ya app ya misa na habari. Hapakuwa na kingine cha kumpoteza mtu. Halafu akatoa rimoti mpya yenye vitufe sita vinene. Aliilaza uso kwa uso na rimoti ya zamani ya televisheni, kisha na ile iliyokuja na kisanduku, akibonyeza huku na huku mpaka ile mpya ikajifunza kuwasha na kuzima, kupandisha na kushusha sauti na kupanda na kushuka kwenye orodha ya vipindi. Kitufe cha kijani kilikuwa cha kufungua app.

"Papa, bonyeza ya kijani," alisema.

Mzee akabonyeza, misa ikafunguka, naye akacheka mpaka machozi.

Toka siku hiyo jina kinywani mwa mzee likawa Aimée. Padri akija, Aimée. Jirani akija, "Bibi ya Raphaël iko na akili, amenifungulia dunia!" Domitille alikuwa amesimama palepale na beseni la maji ya kuogea, hakuna aliyemtazama. Aliona wivu. Miaka yote ya kunyanyua mgongo wa mtu mzima haikutajwa, ikatajwa plastiki! Na kutoka chumbani hakuitwa tena.

Jumamosi moja, mzee akiwa amesinzia na televisheni inawaka, Domitille alichukua rimoti ya zamani kutoka juu ya kabati akabonyeza kitufe cha source. Televisheni ikaacha kupokea picha za kisanduku, ikageukia antena ambayo haikuwepo, na skrini ikawa bluu tupu. Kwenye rimoti kubwa kitufe hicho hakikuwepo. Aimée alikuwa amekiacha nje kusudi, mzee asije akakigusa. Domitille akarudi jikoni, akasonga ugali, akangoja kuitwa.

Hakuitwa. Ugali ulipoa. Kimya kilipozidi, aliingia mwenyewe, akamkuta baba yake akibonyeza kitufe cha kijani, akibonyeza tena, mashavu yamelowa.

"Papa, iko nini?"

"Mukono ya kushoto nayo imeenda," alisema mzee. "Nabonyeza, nguvu haifiki. Ni vile ya kuume ilianzaka."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Nikuite tena? Nimekuchokesha, mutoto yangu. Nilifurahia hii kitu juu upumuzike kidogo."

Domitille alikwenda kwenye kabati. Alichukua rimoti ya zamani, akarudisha source mahali pake, akabonyeza na ya kisanduku kurudi mwanzo, na ule ukurasa wa picha moja ukatokea. "Bonyeza sasa, Papa." Mzee aliogopa. Akabonyeza kidogo tu, app ikafunguka, naye akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Ni weye umeniponyesha," alisema.

Kesho yake Aimée alikuja na Raphaël baada ya misa. "Domitille ameponyesha mukono yangu!" mzee alipaza sauti, akasimulia yote: skrini ya bluu, kitufe kilichokataa, rimoti ya zamani. Aimée aliitazama rimoti kubwa yenye vitufe sita, akaitazama ile ya zamani, mwisho akamtazama wifi yake. Alielewa. Domitille alisimama akingoja kuaibishwa, na karibu alitamani aaibishwe yaishe.

"Ni courant, Papa," Aimée alisema polepole. "Umeme ikikatika na kurudi, télé inasahau njia. Aksanti Mungu, Yaya Domitille, dada yetu, alikuwa hapa."

Mzee akamsifu binti yake upya mbele ya wote, kwa jina lake, kama alivyotamani siku zote. Domitille alikwenda jikoni, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Hata katika kumsitiri, Aimée alikuwa amemshinda.