Uyoga Uliohukumiwa na Simu

Nilikuwa na kiburi, nakiri. Modeli yangu, programu ya kompyuta ya kutambua uyoga kwa picha, ilikuwa ikipatia karibu kila mara, na nilikwisha kuiweka kwenye simu ya shangazi yangu kule Usoke aijaribu. Yeye huokota uyoga kwenye misitu ya miombo tangu utotoni. Mimi siwezi kutofautisha wa supu na wa matanga, ila nina shahada.

Asubuhi moja ofisini Tabora, mwenzangu aliifungua picha ya uyoga wa sumu. Modeli ikasema: sumu. Akabadilisha rangi za nukta zinazoiunda picha ovyo ovyo, kidogo sana. Modeli haikutetereka, nami nikatabasamu. Kisha akaihoji modeli yenyewe kwa hesabu: rangi ya kila nukta ikisogezwa upande upi, kukolea au kufifia, modeli itakosea zaidi? Akazisogeza zote, kila moja upande wake, kwa kiasi kilekile kidogo. Nilizitazama picha hizo mbili hadi macho yakanitoka machozi. Sikuona tofauti. Modeli ikasema: unaliwa, kwa uhakika wa asilimia tisini na tisa.

"Nani atakaa chini kuufanyia uyoga hila?" nilimuuliza kwa hasira. Mwamba ngoma huvutia kwake.

"Hakuna," alisema. "Lakini modeli ingekuwa inautazama uyoga kama sisi, vumbi hili la rangi lisingeigeuza. Kuna kitu kingine inachokitazama, na hatukijui."

Nilimpigia shangazi, simu haikupatikana. Nikapanda basi.

Nilimkuta jikoni, sufuria ikichemka na kikapu kando yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri, leo nina mgeni kikapuni." Akanionyesha uyoga mpana uliopauka. "Huu sijawahi kuupika. Simu yako imesema unaliwa."

Nikatoa kompyuta na kumwonyesha zile picha mbili.

"Ni uyoga uleule," alisema.

"Ndiyo. Wa kwanza simu inasema sumu, wa pili inasema unaliwa."

Alizitazama tena, kwa upole wa mtu anayemtazama mtoto aliyevunja chungu.

"Na huu wangu, kuna mtu ameuchezea?"

"Hapana, shangazi. Huenda simu imepatia. Ila sijui inaangalia nini inaposema hivyo, kwa hiyo hata ikipatia siwezi kukuapia."

Aliuchukua ule uyoga, akaugeuza chini juu, akanusa shina, akaupasua kwa ukucha na kusubiri kuona kama rangi itageuka. Kisha akautupa motoni na kunawa mikono mara mbili. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Huko msituni mkono wangu uliukataa," alisema, akijifuta kwa kanga. "Nikadhani nimezeeka."