Jumbe Nne za Asubuhi

Kabla hajaitwa Mama Hewa, alikuwa sauti tu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa katika chumba cha simu cha hospitali akiunganisha watu: wodi na famasi, mke na mume aliyelazwa, daktari na nyumbani kwake. Hawakuujua uso wake, lakini yeye alizijua pumzi zao. Mtu akishapiga, kabla hajatamka neno, Mama Hewa ameshajua kama kuna msiba. Hospitali ilipoleta mitambo inayojiunganisha yenyewe, chumba kile kikawa stoo ya mashuka, naye akarudishwa nyumbani na saa ya ukutani ya kumshukuru.

Aliyemtoa nyumbani ni Sista, muuguzi mstaafu aliyefungua duka la kukodisha mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa wanaouguzwa majumbani. Mpwa wake Sista, mwanamume wa miaka thelathini na kitu anayeishi kwa kutengeneza matangazo, alikuwa amelifungulia duka ukurasa mtandaoni.

"Mitungi naijua," Sista alimwambia, "ila watu siku hizi hawapigi simu, wanaandika. Njoo uwajibu."

Basi akawajibu, miaka sita mfululizo, mpaka wakamwita Mama Hewa, akiwa na tableti iliyoegemezwa kwenye kopo la kalamu. Mabinti walioko mbali walimwandikia kwa ajili ya wazazi wao. Wake waliandika wakiwa wamekaa kitandani kwa wagonjwa. Alijua nani anatumia lita mbili kwa dakika na nani tatu, nyumba ipi ina ngazi nyembamba, mzee yupi hukasirika akiona mtungi mpya akidhani ndiyo wanamwongezea ugonjwa. Hayo yote yalikuwa humo, ndani ya mazungumzo. Kwenye vitabu vya risiti kulikuwa na jina la aliyelipa na idadi ya mitungi, basi.

Magoti yalipomzidi Sista, aliliuza duka kwa kampuni kubwa iliyokuwa na matawi kadhaa. Jumatano asubuhi akaja meneja wa kampuni hiyo, mtu mpole, shati limenyooka, anaongea kama anayesoma.

"Ijumaa saa sita mchana ukurasa huu tunaufuta," alisema. "Sisi tunao wetu. Majina ya wateja tumeshayanakili kutoka kwenye risiti, wapo thelathini na mmoja."

Mama Hewa alijua ni zaidi ya hamsini. Alitaka kumwambia. Meneja alikuwa hajasema nani atabaki kazini na nani ataondoka, naye Mama Hewa ana miaka hamsini na nne, na chumba kile cha simu hakijamtoka akilini. Aliogopa kuonekana mama mkongwe anayeng'ang'ania mambo ya zamani. Akatikisa kichwa kukubali.

Alhamisi alifika dukani saa tatu kasoro, akawasha tableti kama kawaida. Mazungumzo hayakufunguka. Yalikuja maneno mawili tu: *Huna ruhusa.* Akaizima, akaiwasha. Huna ruhusa. Akajaribu kwa simu yake. Ni yale yale.

Hakuna asubuhi iliyowahi kupita bila mtu kuandika, na mtu wa upande wa pili hangejua lolote: angeandika, angeona ujumbe umekwenda, angesubiri. Ukurasa ulikuwa bado upo kama duka lililo wazi, taa zinawaka, ila ndani hamna mtu.

"Meneja," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa udogo wake, "nimefungiwa nje ya ukurasa."

"Eeh, nilimwomba yule mpwa wa Sista aanze kuwaondoa wafanyakazi ukurasani mapema, tusije tukahangaika kesho. Tulia tu, mama. Mwenye shida atapiga simu."

"Namba iliyoko ukurasani ni ya Sista. Sista yuko hospitali na magoti yake, simu kaizima tangu jana."

Meneja aliinua macho kutoka kwenye makaratasi.

Mama Hewa alishampigia mpwa. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata. Dereva wa duka, ambaye wote walimwita Kobe kwa uendeshaji wake wa taratibu, alikuwa mlangoni akifuta vumbi kwenye mitungi, na alipomwona mama amesimama huku simu imemkaa sikioni, akaacha kufuta.

Mara ya tano mpwa, aliyezoea kumwita Mama Hewa Shangazi kama Sista, akapokea.

"Shangazi, niko na mteja, nitakupigia—"

"Usikate! Mwanangu, usikate. Umenitoa kwenye ukurasa. Nirudishe sasa hivi."

"Nimeambiwa niwatoe wote."

"Kuna watu wanapumua kwa ule ukurasa."

Mama Hewa alimsikia akivuta pumzi, akajua kwamba ameelewa. Kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki na mamlaka yote juu ya ukurasa, hakuna mwingine duniani angeweza kumfungulia. Mpwa akamwambia asubiri; anamtumia mwaliko wa kurudi ukurasani, tena safari hii wa mamlaka kamili, itabidi kwanza yeye mpwa aandike neno lake la siri kuthibitisha. Mama Hewa akaitazama simu. Dakika moja. Mbili. Mpwa alikuwa amekosea neno la siri kwa haraka, akalirudia. Mwaliko ukaingia, akabonyeza kuukubali, akakosa kitufe, akabonyeza tena.

Mazungumzo yakafunguka. Jumbe nne hazijasomwa.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayeuliza bei. Ya pili, asante kwa mtungi wa jana. Ya tatu iliandikwa saa kumi na mbili na nusu na binti anayefanya kazi nchi nyingine: *Shikamoo mama. Mlezi wa baba anasema mtungi wa akiba ulivuja usiku, umekwisha. Huu anaotumia geji inasoma hamsini. Tafadhali leteni mapema.* Ya nne ilikuwa ya huyo huyo, saa mbili na robo: *Mama, upo?*

Mama Hewa aliijua hesabu ile kama anavyojua njia ya kwake. Mtungi wa lita kumi, geji ya presha hamsini, kumi mara hamsini ni lita mia tano za hewa. Yule mzee anatumia mbili kwa dakika. Hiyo ni hewa ya muda wa saa nne na dakika kumi tangu binti alipoandika, na hapo ni mpaka itakapokwisha kabisa. Saa ya ukutani ilionyesha tatu na dakika ishirini. Karibu saa tatu zilikuwa zimeshakwenda, nusu saa ya mwisho yeye akisoma *huna ruhusa*.

"Kobe! Pakia miwili mikubwa!"

"Kwa nani?"

Akafungua kinywa, akagundua hajui nyumba. Huyu binti alianza miezi mitatu tu iliyopita, na mitungi yao ilikuwa ikipelekwa na dereva mwingine ambaye ameshaacha kazi. Kwenye risiti kulikuwa na jina la binti tu, naye yuko huko mbali. Mama Hewa akaanza kupandisha mazungumzo, juu, juu zaidi, picha za geji, picha za vidole vya mzee, mpaka akaikuta: sauti ya binti iliyorekodiwa miezi mitatu nyuma. Akaibonyeza, meneja na Kobe wamemsimamia kichwani.

"...mkishapita duka la vioo, si kona ya kwanza, ya pili. Jengo lenye ngazi kwa nje. Ghorofa ya tatu, mlango una namba lakini imedondoka, ni ule unaotazamana na kamba za nguo..."

Kobe hakusubiri imalizike. Gari lilitoka likiunguruma kama si yeye anayeliendesha.

Mama Hewa alimwandikia binti: *Nipo. Gari limetoka. Mwambie mlezi amkalishe mzee, asimtembeze.* Kisha akakaa. Yeye aliyewahi kuunganisha nusu ya mji hakuwa na cha kuunganisha. Meneja alimletea maji, akayashika bila kuyanywa. Katika dakika zile alimwona mzee asiyemjua akifungua kinywa kama samaki, akajiambia: ni mimi. Jana nilinyamaza, ni mimi.

Kobe alipiga saa nne na dakika tano. "Nimefunga mpya. Geji ilikuwa imeshaingia kwenye nyekundu. Mzee ananitukana, anasema nimemkanyagia zulia."

Mama Hewa alicheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa upande wa mtandio.

Meneja alikaa kwenye kiti cha wateja. "Nieleze," alisema, "mle ndani mna nini kingine."

Akamweleza, na safari hii hakuacha neno. Mchana ule, kwa mamlaka aliyopewa, aliomba mtandao umtayarishie nakala ya ukurasa mzima. Mpwa alimwongoza kwa simu: achague mazungumzo, achague aina ya faili inayofunguka kama ukurasa wa kawaida, na asisahau tarehe. "Shangazi, hapo pamejiwekea mwaka mmoja. Badilisha, weka tangu mwanzo." Miaka mitano ingebaki nje bila yeye kujua.

Faili haikuwa tayari papo hapo. Kwa hiyo walianza na daftari kubwa, wakichambua mazungumzo moja moja: mgonjwa, lita, nyumba, simu ya aliye karibu. Meneja aliandika, mwandiko wake mbaya kuliko wa daktari. Aliuliza mara moja tu, "Nani ataziona hizi habari? Ni za wagonjwa," wakakubaliana nakala ikae kwenye kompyuta ya dukani yenye neno la siri, isiingie simu ya mtu. Namba ya Sista ikaondolewa ukurasani, ikawekwa ya duka, na jibu la moja kwa moja likaandikwa kumweleza kila atakayeandika apige wapi.

Nakala ilifika alasiri. Mama Hewa hakuiamini mpaka alipoifungua na kusikia ile sauti ikisema duka la vioo. Hapo ndipo alipokunywa maji.

Walipata wateja hamsini na nane. Walipotaka kuwaandikia wakakuta kwamba waliokaa kimya siku nyingi mtandao haukubali tena watumiwe ujumbe mpaka waandike wenyewe, hivyo wakawapigia simu mmoja mmoja. Wengine walikuwa wameshafariki, na Mama Hewa akapokea habari na kutoa pole. Ijumaa saa sita hakikufutwa kitu. Meneja aliuacha ukurasa mwezi mzima zaidi, na Mama Hewa akabaki kazini, akihamia ukurasa wa kampuni na daftari lake.

Lakini wawili hawakupatikana. Hawakuacha simu, hawakuacha nyumba, walizoea kuja wenyewe kuchukua, na tangu siku ile hawakuja tena. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyeandika kwa kifupi, kila mara akimalizia kwa neno *Mungu akubariki*. Kila asubuhi ya mwezi ule Mama Hewa aliufungua ukurasa wa zamani kabla ya kuvua hata viatu vya njiani, akatazama kama ameandika. Siku ya mwisho alikaa na mpwa. Mpwa alimkumbusha kwamba hata wakiufuta leo, kuna siku thelathini za kuweza kuurudisha.

"Siku hizo thelathini, mtu akiandika, tutamwona?"

"Hapana, Shangazi. Hataukuta kabisa."

Alitazama mara ya mwisho. Hakuna jipya. Akamwambia bonyeza, akageuza uso.