Kifaransa cha Stoo

Kifaransa changu nilikipata jikoni. Niliacha shule darasa la sita, nikazurura hadi Kigoma, nikavuka ziwa, nikaishia kuosha sufuria kwenye hoteli moja ya Bujumbura ambako mpishi alikuwa akitukana kwa Kifaransa na mwenye hoteli akiandika barua zake kwa Kifaransa mezani kwetu, kwa sababu jikoni ndiko kulikuwa na mwanga mzuri. Matusi niliyashika kwa wiki chache. Barua nazo nilizisoma kila alipokwenda chooni, na sijui kwa nini, ila zilinifurahisha kuliko matusi.

Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa kibarua wa kufyeka nyasi na kuosha magari kwenye mradi mmoja wa visima pale mtaa wa Mlabani, Ifakara, mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa Kifaransa wa Ifakara nzima. Au nilijiona hivyo.

Dada wa stoo, mtunza vipuri vya mradi, aliniita siku moja, akafunga mlango, akakaa juu ya mabomba.

“Wewe mzururaji, unaweza kutunza siri?”

“Inategemea ni tamu kiasi gani.”

Ilikuwa hivi. Kiwanda cha sukari kule juu kilimwita akashike stoo yao kwa mshahara mzuri. Hakutaka kwenda. Mama yake alikuwa Kibaoni, karibu na mji, miguu imevimba, hana mwingine. Lakini mshahara wa mradi haukutosha dawa za mama na chakula kwa pamoja. Meneja akimwongezea, anabaki. Asipomwongezea, mwezi unaofuata anafungasha.

Meneja alikaa Dar es Salaam, mzungu wa kutoka upande wa Ulaya wanakoongea Kifaransa, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama chetu. Njia ya kumfikia ilikuwa imeili. Tulikuwa na kompyuta moja, anwani moja ya ofisi nzima, na karani mmoja aliyekusanya ujumbe wa kila mtu mpaka jioni, laini ya simu ikitulia, ndipo aunganishe na kutuma wote kwa mkupuo. Majibu aliyachapa na kuyabandika ubaoni karibu na birika la chai. Ukiomba ruhusa ya kwenda msibani, mpaka mlinzi anajua marehemu ni nani.

“Ndiyo maana nataka Kifaransa,” dada akasema. “Karani asielewe. Fundi asielewe.”

Nilicheka hadi nikaegemea magunia ya saruji. Kisha tukaanza kazi.

Kichwa cha ujumbe kilikuwa rahisi: *Demande de rendez-vous*, ombi la kuonana, kuhusu mshahara. Nikaweka *Monsieur*, nikaweka kwamba nina heshima ya kuomba mshahara wangu uangaliwe upya, kama mwenye hoteli alivyoandikia benki. Nikamwambia: sasa taja uliyofanya, maana hao watu hawaongezi mshahara kwa sababu mama anaumwa, wanaongeza kwa sababu ya kazi.

Akakwaruza bomba kwa ukucha.

“Tumefanya kazi vizuri,” akasema.

“Nani, sisi? Mimi nafyeka nyasi.”

“Nitajisifuje mwenyewe? Nimelelewa, mimi.”

Hapo tukakwama. Kwao msichana hajisifu, hata kuolewa anasemewa. Alipotamka neno hilo, la kuolewa, nikapata wazo likanipanda kichwani kama togwa iliyochacha: kama posa ina mshenga, basi na mshahara uwe naye. Mimi nitakwenda kwa watu, niwaulize yeye ni mtu wa namna gani, nirudi niandike.

Nikaanza na fundi mkuu wa pampu, mzee mwenye hasira aliyekuwa chini ya gari.

“Shikamoo, fundi. Hivi huyu dada wa stoo yukoje?”

“Marahaba. Mkorofi,” ikasema miguu yake. “Hakupi mpira wa pampu mpaka urudishe uliochakaa. Zamani tulikuwa tunachukua tu.”

“Na mipira ilikuwa inatosha?”

Miguu ikafikiri. “Ilikuwa haipo.”

Dereva, Msukuma mrefu aliyeendesha magoti yakiwa karibu na masikio, alilalamika kwamba wakati wa mafuriko dada alimlazimisha kupakia vipuri vya kisima cha kijiji cha Idete kwenye mtumbwi, yeye asiyejua kuogelea. “Kisima kilipona,” akasema. “Mimi bado naota viboko.” Karani naye akalalamika kwamba dada huagiza vipuri mapema mno, hata kabla havijaisha.

Nilirudi stoo mbio. Kila lawama, ukiigeuza, ilikuwa sifa. *J'exige l'ancienne pièce avant de donner la nouvelle*: nadai cha zamani kabla ya kutoa kipya, kwa hiyo vipuri havipotei. Wakati wa mafuriko kisima cha Idete hakikusimama. Naagiza mapema, mafundi hawakai bure wakisubiri mzigo kutoka Dar. Dada alisikiliza kama anasimuliwa habari za mtu mwingine, mtu anayempenda.

Mwishoni nikapendekeza waonane Ijumaa ambayo meneja angekuja kututembelea, *à dix heures*.

“*Dix* si kumi? Saa kumi jioni atakuwa ameshaondoka.”

“Kumi yao ndiyo saa nne yetu ya asubuhi, dada.”

“Haya. Wana shida hao.”

Nikafunga kwa ile sentensi ndefu ya mwenye hoteli, ya kumsihi bwana apokee maelezo ya salamu zake zilizotukuka. Alinifanya niirudie mara kadhaa, kwa raha tu. Alama za juu ya herufi sikuziweka hata moja, kwa sababu kwenye laini yetu ziligeuka kuwa takataka zikifika. Karani aliutazama ujumbe kwenye kioo, akauliza ni lugha gani. Dada akamwambia ni majina ya vipuri.

Siku mbili sikushika fyekeo vizuri. Ya tatu nikakuta watu wamejaa kwenye birika la chai, na fundi mkuu anasoma ubao kwa sauti. Meneja alikuwa muungwana kuliko tulivyotaka. Kwa kuwa dada alijisumbua kumwandikia kwa lugha yake, naye alijisumbua kujibu kwa yetu:

“Habari ya kazi. Nimesoma ombi lako la mshahara zaidi. Nimefurahi sana. Ijumaa saa nne tutaongea. Nitauliza pia wengine kama maneno ni kweli.”

Dada aliingia, akasoma, akageuka kutoka tena. Dereva akamzibia mlango kwa mwili wake wote.

“Majina ya vipuri, eh?” karani akasema.

“Kumbe ulikuja chini ya gari langu kufanya ushenga,” fundi akaniambia. Nilitafuta pa kujificha. Hapakuwa na gari karibu.

Ijumaa saa nne, meneja alimkuta dada ofisini na sisi wote nje ya dirisha, tukijifanya tunapanga mabomba. Alimwita fundi mkuu kwanza. Fundi aliingia na kofia mkononi.

“Ni kweli huyu anadai mpira wa zamani?”

“Kweli, bwana. Anatutesa.”

“Na ukimpoteza?”

Fundi akaivaa kofia yake mle mle ndani.

“Basi tutarudi kufunga pampu kwa kamba,” akasema. “Mwongezee, bwana, tuendelee kuteswa.”

Dereva alicheka akaangusha bomba mguuni kwangu. Kupitia dirishani nikamsikia meneja akisema kwa Kiswahili chake cha polepole: si yote uliyoomba, lakini nyongeza ipo, kuanzia mwezi ujao. Kisha nikamsikia dada akiitamka ile sentensi ndefu ya salamu zilizotukuka, yote, bila kukosea, na meneja akasimama kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Dada alipita katikati yetu akiwa ameuma midomo, akafungua stoo. Fundi alikuwa wa kwanza kumfuata.

“Hongera, mwanangu. Nipe mpira mmoja, nakwenda Idete.”

“Asante, fundi,” dada akasema, akanyoosha mkono. “Wa zamani uko wapi?”