Maskara ya Yuditha

Mwaija binti Mustapha aliolewa akiwa anaona kwa macho yote mawili. Wiki ya pili ya ndoa yake aliimaliza kwenye kitanda cha hospitali, jicho la kulia limefungwa, huku nyumbani kwao Kabuku watu wameshakubaliana ni nani aliyemloga.

Siku ya harusi alipambwa na Yuditha, rafiki yake tangu sekondari. Yuditha ni mtoto wa Bungu, wa kule milimani, lakini saluni yake iko Korogwe mjini, na kwa miaka ile hapakuwa na bibi harusi wa maana kuanzia Segera hadi Mombo ambaye hakupita mikononi mwake. Asubuhi ile alishuka Kabuku na begi lake la vipodozi, akawapanga wanawake kwenye mkeka chumbani, akaanza kazi huku akiimba.

Wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa wifi yake Mwaija, Maryamu, aliyekuja jana yake kutoka Mazinde kumchukua bibi harusi. Kope zake zilikuwa zimeshikana, na weupe wa macho umeiva kwa wekundu.

"Wifi, macho vipi?" Mwaija aliuliza.

"Vumbi la njiani hilo," Maryamu alisema, akajifuta kwa ncha ya khanga. "Nipake tu, Yuditha, nisionekane nimelia."

Yuditha alimtazama kidogo, kisha akafungua maskara. Ilikuwa imekauka, kijiti kinakwaruza ndani ya kichupa. Alichota maji kwenye kikombe cha kunawia, akadondosha matone mawili matatu, akatikisa, ikalainika. Akampaka Maryamu. Kijiti kilekile kikarudi kichupani, kikatoka kwa binti wa jirani, kikarudi, kikatoka kwa dada wa pili wa bwana harusi. Zamu ya Mwaija ilipofika, matarumbeta yalishaanza kulia nje, na mlango ukagongwa kwa kishindo. Alishtuka, akageuza kichwa. Kijiti kikamchoma kwenye mboni.

"Pole, pole, usilie, utaharibu wanja!" Yuditha alisema, akampepea kwa kiganja. Mwaija alikaza meno, machozi yakapita, wakaendelea. Kwenye picha za siku ile anapendeza kweli. Hana hata moja aliyoitundika.

Kesho yake, akiwa Mazinde nyumbani kwa mumewe Sabiri, jicho liliamka jekundu. Maryamu naye alikuwa na matongo yaliyogandisha kope, na habari zikaja kwamba binti wa jirani kule Kabuku naye macho yamemvimba. Kila mtu akasema ni macho mekundu yale ya kawaida, yatapita. Ya wenzake yalipita kweli. La Mwaija halikupita. Liliuma kama lina mchanga, kisha kama lina kaa la moto. Mwanga wa mlangoni tu ulimfanya afunike uso kwa mto. Sabiri alikwenda duka la dawa, muuzaji akampa matone ya kuondoa wekundu bila hata kuuliza jicho linamsumbua nani. Siku moja wekundu ulipungua, wakamshukuru Mungu. Siku iliyofuata Mwaija alijitazama kwenye kioo akaona katikati ya jicho lake kuna doa jeupe, kama tone la maziwa.

Hapo ndipo habari ilipofika Kabuku, na hapo ndipo mtu mmoja akalikumbuka neno la shangazi.

Shangazi huyo, dada wa baba, ni Mwanaisha, mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya Handeni, analima mahindi na choroko. Hakuipenda ile posa. Alisema mwanamume wa kibarua cha mkonge hana pa kumlaza mke, na siku ya kikao cha mahari waliposhindana na kaka yake, aliinuka akajifunga khanga, akamwambia Mwaija mbele ya watu: "Haya, nenda. Utakuja kuona kwa macho yako mwenyewe."

Ni maneno ambayo kila mama wa Kizigua ameshawahi kumwambia mtoto mkaidi. Sasa yakawa mengine. Mzee Mustapha, baba yake Mwaija, hakutaka kuamini mwanzoni. Akampigia simu Yuditha, kwa kuwa naye alikuwepo kwenye kikao kile, amuulize alisikia nini.

"Nilisikia, baba," Yuditha alisema. "Alisema mambo ya macho. Mimi nilitetemeka."

Hilo likatosha. Mzee Mustapha alimpelekea dada yake ujumbe asikanyage tena kwake. Ujumbe wa namna hiyo haukai mdomoni mwa mmoja. Kijijini kwa shangazi watu walianza kuyatazama macho yake yeye, mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, wakaona ushahidi wa uchawi.

Sabiri ndiye aliyekataa kusikiliza. Alimpakia mkewe kwenye gari, akampeleka Korogwe, na kutoka pale wakaandikiwa kwenda hospitali kubwa yenye daktari wa macho. Daktari aliitwa Erasto, mtu wa maneno machache. Alimtilia rangi ya manjano jichoni, akazima taa ya chumba, akamulika kwa mwanga wa bluu, na palipokuwa na doa pakawaka kijani.

"Hiki ni kidonda," alisema. "Kiko kwenye kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele. Umechomwa na nini?"

Wauguzi walimtilia matone ya dawa kila saa, mchana na usiku, wakimwamsha akiwa ndiyo kwanza amesinzia. Yale matone ya dukani daktari aliyatupa. Yalikuwa na dawa ya kuzima uvimbe, alieleza. Wekundu unaondoka lakini kinga ya jicho inalala, vijidudu vinabaki vinakula. Maumivu yalipopungua, akaketi pembeni ya kitanda amalizie maswali yake. Mwaija akamsimulia yote: kijiti, wifi, maji ya kikombe.

"Basi yalikuwa magonjwa mawili," daktari Erasto alisema. "Wenzako walipata macho mekundu ya kuambukizana. Yule aliyeanza alikuwa nayo, kijiti kikayachukua kutoka kope moja hadi nyingine. Na pengine taulo na mikono pia. Hayo kwa wengi hupona yenyewe. Wewe ulikupata mwingine juu yake. Ile maskara ilifunguliwa lini?"

"Sijui. Nadhani harusi ya mwaka jana alikuwa nayo hiyohiyo."

Daktari alitikisa kichwa. "Maskara ikishafunguliwa ni miezi mitatu, ukizidisha sana sita, inatupwa hata kama imejaa. Kila unapochomeka kijiti unaingiza vijidudu vya kope, na mle ndani ni giza na unyevu, vinazaana. Wanja wa maji vilevile. Ule wa penseli una nafuu, unauchonga ncha mpya kila mara, mwaka unafika. Shedo ya unga, ile rangi ya juu ya macho, kwa kuwa ni kavu, mwaka hata miwili, mradi brashi zinaoshwa. Lakini hii iliyokauka ikatiwa maji ya kunawia, mle mlikuwa na vijidudu vya maji, vibaya kuliko vyote kwa jicho. Jicho zima lingeweza kuvizuia. Lako kijiti kilishalichubua."

"Na kama mpambaji ana watu kumi?"

"Kila mtu na kijiti chake cha kutupa, na kijiti kilichogusa kope hakirudi kichupani. Mwenye jicho bovu hapakwi kabisa. Naye akipona, vyote alivyovitumia akiumwa avitupe."

Mwaija alilala akitazama dari kwa jicho moja. Hakumfikiria Yuditha kwanza. Alimfikiria shangazi yake, na jinsi yeye mwenyewe, alipoambiwa kwa simu kwamba ni Mwanaisha, alivyonyamaza. Hakusema ndiyo. Lakini alinyamaza.

Kidonda kilipona, kikaacha kovu. Jicho la kulia sasa linaona kama mtu anayetazama kupitia kioo cha dirisha kilichotiwa mvuke: mwanga upo, sura haipo. Daktari alitaja habari ya kupandikiza kioo kingine siku za mbele, katika hospitali ya mbali yenye foleni ndefu. Mama mkwe alisema mbele yake kwamba mwanawe amepewa mke nusu.  Sabiri alijizoeza tu kutembea upande wa kulia wa mkewe.

Mwaija alipopata nguvu alikwenda Korogwe saluni. Yuditha alimkumbatia, akamwita mpenzi, akampa kiti. Juu ya meza maskara tatu zilikuwa zimesimama, vifuniko vimefifia maandishi. Mwaija akamweleza aliyoambiwa na daktari, moja baada ya jingine, bila kupaza sauti.

Yuditha alisikiliza akichana wigi. "Kwani nimeanza kupamba leo?" alisema mwishowe. "Wenzako mbona wamepona? Nikitupa kila kitu baada ya miezi mitatu, nitafungua saluni au nitachimba shimo la taka?"

"Maryamu ulimwona macho yake. Nilikuona ukimtazama."

"Wifi wa bibi harusi nimkatae? Ungekuwa wewe ungemkataa?"

"Ningekuwa mimi nisingemwambia baba kwamba shangazi kaniloga."

Mikono ya Yuditha ilisimama. "Mimi nilisema nilichosikia," alisema taratibu. "Hakuna neno la uongo nililosema."

"Ulijua ulichonichoma nacho."

"Mwaija, nina wateja." Na kweli msichana mmoja alikuwa mlangoni, anakwenda kwenye sherehe, uso umeshapakwa poda. Mwaija akamwambia palepale: dada, asikupake macho kwa hizo, nunua yako. Msichana alimtazama jicho lile jeupe, akatazama pembeni haraka, akapita akaketi kwenye kiti.

Kwa baba yake alipata majibu mafupi zaidi. Mzee Mustapha alisikiliza habari yote akivuta shanga za tasbihi. "Sasa unataka niende nikamwombe radhi?" aliuliza. "Mambo yameshapita. Tukiyafufua tutaonekana watu wa hovyo." Wala hakumtazama usoni.

Akaenda peke yake. Alimkuta shangazi uani anapukuchua mahindi, amekonda, shingo imetoka mishipa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinuka. Mwaija alikaa chini, akaanza kupukuchua naye, akasema yote: kijiti, maji, daktari, Yuditha, na kunyamaza kwake mwenyewe. Alipofika hapo alilia, jicho moja likilia zaidi ya jingine. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba yako amekutuma?"

"Hapana."

"Nimesikia," Mwanaisha alisema. Akasogeza ungo katikati yao ili Mwaija afikie vizuri, na hilo ndilo lililokuwa la upole kuliko yote siku ile.

Jirani mmoja alipita njiani na mtoto wa kike anayejifunza kutembea. Alipofika usawa wa ua alimnyanyua mtoto, akamhamishia bega la upande wa pili, mbali na ua. Mwaija akasimama, punje zikamwagika kutoka mapajani mwake.

"Mama, shikamoo! Mimi ndiye yule binti wa Mustapha!" aliita kwa sauti ya kusikika nyumba zote. "Jicho langu liliharibiwa na maskara! Maskara ya kuchangia! Daktari ameniambia! Shangazi hakunifanya kitu!"

Mwanamke yule alisimama, akasikiliza kwa adabu.

"Haya mwanangu," alijibu. "Pole sana."

Akauficha uso wa mtoto kwa ncha ya khanga, akaenda zake.