Kompyuta Isiyokwenda Msibani

Kazi yangu ni kompyuta za watu wengine. Katika ofisi ya ushirika wa korosho pale Mtwara mjini waliniita fundi, hata wale waliosaini barua ya ajira inayosema ofisa wa mifumo. Printa ikikwama, fundi. Feni ikigoma, fundi vilevile. Mwaka wa kwanza nilinuna, wa pili nikanunua bisibisi.

Msimu ule wakulima wa Nanyamba walianza kupigiwa simu na matapeli. Mpigaji anamtaja mkulima kwa majina yake matatu, anataja ghala alilopeleka korosho na benki yake, kisha anaomba namba ya siri ili malipo yasichelewe. Wapo waliotoa. Meneja wetu hakuona haja ya uchunguzi. Taarifa za wakulima ziliingizwa na dada mmoja wa takwimu, mwenye mkataba wa muda na watoto wawili wa kusomesha, na kwa meneja aliyeziandika ndiye aliyeziuza. Alimtuhumu wakati wa chai, mbele yetu sote, kwa jina na ukoo, akasema kamati ikikaa wiki ijayo mkataba unavunjwa. Dada aliweka kikombe chini akarudi mezani kwake. Mihogo ilibaki kwenye sahani, jambo ambalo sijawahi kuliona ofisini kwetu.

Iliniuma. Huyu ni mtu anayerudisha kalamu ya kuazima kabla hujakumbuka kwamba umemwazima. Nikamwomba meneja anipe nafasi nitafute njia ambayo taarifa zilipitia.

"Njia ipi?" akasema. "Si wewe uliyefunga mtandao wote? Uliniambia hata sindano haipiti."

Ni kweli nilijigamba hivyo. Kompyuta za ofisi ziliruhusiwa kufikia tovuti chache tu za kazi. Lakini kuna kitu kimoja hukifungi ukabaki na mtandao, nacho ni kuuliza majina. Kompyuta haijui tovuti iko wapi. Inauliza seva ya majina, "Fulani anwani yake ipi?" Seva yetu isipojua, inalipeleka swali nje, mpaka limfikie mwenye jina hilo, ambaye ndiye mwenye jibu. Mwizi mjanja hujinunulia jina lake la mtandao na seva ya kulijibia. Kisha programu yake, ikishaingia kwako, inakatakata taarifa vipande, inavigeuza herufi na tarakimu zisizosomeka, inavibandika mbele ya jina lile, halafu inauliza anwani. Swali linasafiri kihalali hadi kwa mwizi. Jibu halimhusu hata kidogo, maana mzigo ameshaupokea ndani ya swali.

Nikawasha kumbukumbu za seva ya majina, nikakaa kutafuta majina marefu kupita kiasi. Haikuchukua muda. Nikayapata, marefu, ya ovyo, na yalitoka kwenye kompyuta ya dada wa takwimu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Nilisema mimi," akasema, akaondoka akitembea kama aliyefunga bao.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipotulia nikaona majina yale yote yanaishia kwa kampuni iliyotengeneza programu yetu ya kuzuia virusi. Kumbe kila faili likifunguliwa, programu ile inauliza makao makuu yake kama faili ni salama, na inauliza kwa majina marefu vilevile. Kompyuta nyingine nazo zilifanya hivyo, kidogo kidogo, na zilinyamaza watu wakienda chai. Nikamfuata meneja kumweleza kwamba urefu peke yake si ushahidi, lazima tutazame na wingi. Akaniuliza kama dada ni ndugu yangu.

"Kaka, acha," dada aliniambia jioni, akipanga vitu vyake kwenye mfuko. "Mama nimeshamwambia narudi kijijini. Utapoteza na kazi yako."

Kesho yake dereva wetu alifiwa na baba. Ofisi yetu haina utaratibu wa kueleweka ila huu mmoja, kwamba msiba wa mmoja ni wa wote. Tulifunga milango, tukapanda magari, tukaenda kuzika. Meneja alitoa neno refu makaburini, hata sheikh akaanza kutazama saa. Hakuna aliyebaki ofisini, na dada alikuwa jikoni na akina mama akimenya mihogo.

Niliporudi nikafungua kumbukumbu za mchana ule. Kompyuta zote zilikuwa zimetulia, zikiuliza maswali mawili matatu ya kujua saa na kutafuta masasisho. Isipokuwa moja. Hiyo, kama iliyongoja isiguswe na mtu, iliuliza mfululizo tangu tulipotoka, maelfu ya majina, yote marefu karibu na mwisho wa urefu unaoruhusiwa, yote chini ya jina moja ambalo ofisi haikuwahi kulihitaji, na hakuna lililoulizwa mara mbili. Mtu wa kawaida hurudia tovuti zilezile. Anayesafirisha mzigo harudii, maana kila kipande ni kipya. Nikatazama ni kompyuta ipi. Ilikuwa ya meneja, na ofisi yake ilikuwa imefungwa, ufunguo mfukoni mwake.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaogopa. Nikalifunga jina lile kwenye seva, nikaenda kumwona.

"Mimi nilikuwa makaburini," akasema. "Watu wote wameniona."

"Ndiyo, bosi. Wewe ulikuja msibani, kompyuta yako haikuja."

Nikauliza programu ya kuzuia virusi iko wapi. Akasema aliiondoa, ilikuwa inamkatalia programu aliyopewa kwenye flashi na rafiki yake, ya kutazama mpira bure. Na taarifa za wakulima zinafanya nini humo? Akasema meneja lazima awe na nakala ya kila kitu. Nilichomoa waya wa mtandao, nikamwomba asiizime wala asifute chochote mpaka polisi wa makosa ya mtandao waje.

Kamati ilikaa. Dada alibaki na mkataba wake, tukapelekwa Nanyamba kuwatahadharisha wakulima. Meneja aliandaa maneno kwenye karatasi: mfumo umevamiwa, hatua zimechukuliwa. Akampa dada kipaza sauti asome. Dada akaisoma karatasi kimyakimya, akaikunja.

"Bosi," alisema, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, "mimi nilipoiba nilikuwa na jina na ukoo. Leo mwenye kosa hana hata jina?"

Wakulima waliojaa ukumbini wakageuka kumtazama meneja. Nilidhani meneja atamfukuza palepale. Alijikuna shingo, akachukua kipaza sauti. "Ni kompyuta yangu," akasema. "Niliweka kitu nilichokatazwa. Huyu dada hakuiba, na nilimtuhumu mbele za watu. Nisamehe."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Tumesikia, baba. Sasa tupe namba yako ya simu. Hao wakinipigia tena, nawaelekeza kwako."

Watu wakacheka. Meneja akacheka pia, akidhani yameisha, lakini bibi hakuketi, na simu zikaanza kutolewa mifukoni kote ukumbini. Dada akakichukua tena kipaza sauti, akamtazama meneja mpaka alipoitikia kwa kichwa, kisha akawasomea watu namba ya bosi wake tarakimu moja moja, taratibu, na mwisho akauliza kama kuna aliyeachwa nyuma.