Madebe Kumi na Mawili Yaingiayo

Scolastica wa Gitting anajua kupima. Mnadani, mnunuzi akijaribu kumwekea kilemba cha mahindi juu ya debe, yeye hupitisha mkono mara moja, akakifagia kile kilemba kikarudi guniani kwake, na mazungumzo yakaishia hapo. Nimeuza naye maharage miaka mingi na sijawahi kumwona akipunjwa. Kwa hiyo nisimcheke sana kwa yaliyotokea. Nitamcheka kidogo tu.

Mume wake ni Hermani, fundi ujenzi, mtu mpole mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji. Nyumba nyingi za bati za huku kwetu chini ya mlima Hanang zimepita mikononi mwake. Scolastica anampenda kwa namna yake, yaani kwa kumchunga. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Scolastica alishiriki kila siku na hakukonda hata kidogo.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga wakati huo, wengine tukiwa bado tunasema tuko Arusha, pale kikundi chetu cha akina mama kilipoamua kujenga ghala la nafaka. Tulichoka na panya na unyevu, na tulichoka zaidi na wanunuzi waliokuja wakati wa mavuno kutupangia bei kwa sababu hatukuwa na pa kuhifadhi. Kuta zilisimama, bati likaezekwa. Ikabaki sakafu ya zege, na fundi alikuwa Hermani.

Mweka hazina wa kikundi alikuwa Fabiola. Hapo ndipo tatizo. Fabiola alikuwa mjane, mumewe Yohanes alifariki kwa homa mwaka uliotangulia, na alikuwa bado kijana, mwenye sauti ya chini na shingo ndefu. Hermani akaanza kupitia kwake jioni akitoka kazini. Akiulizwa, anasema wanapiga hesabu ya zege.

Jioni ya kwanza Scolastica alinyamaza. Ya pili akasonga ugali ukawa mgumu kama tofali. Baadaye akamuuliza mumewe, kwa sauti ya mtu asiyejali, hesabu ya zege inapigwaje. Hermani, ambaye hakuwa na hila, akafurahi kuulizwa. Akamweleza kuwa ni moja kwa mbili kwa nne: saruji fungu moja, mchanga mafungu mawili, kokoto manne. Mfuko mmoja wa saruji ni lita thelathini na tano, karibu debe moja na robo tatu. Kwa hiyo kila mfuko unataka madebe matatu na nusu ya mchanga na madebe saba ya kokoto. Kisha akaitwa nje, ng'ombe walikuwa wameingia kwenye ngano ya jirani, na somo likakatika.

Alichopata kilimtosha. Sakafu ni mita sita kwa tano, unene sentimita kumi, yaani mita tatu za ujazo. Mita moja ya ujazo ni madebe hamsini, basi ghala zima ni madebe mia moja na hamsini. Mafungu ni saba. Gawanya, unapata saruji madebe ishirini na moja na kidogo. Kila mfuko una debe moja na robo tatu, kwa hiyo ni mifuko kumi na miwili na kitu. Tuseme kumi na mitatu. Alimaliza hesabu hiyo huku akichambua mchicha, na mchicha haukuwa mwingi.

Sasa ndipo moyo ulipoanza kumwaka. Kama hesabu yenyewe ni ya kuchambua mchicha, hawa wawili walikuwa wanafanya nini jioni zote zile? Kesho yake akajitia kwenda kwa Fabiola kuomba chumvi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na ndani, chini ya turubai, akaona kingo za mifuko ya saruji. Chumvi akapewa. Akaimwaga njiani.

Mkutano wa kikundi ulifanyika kwenye kivuli cha kuta za ghala. Fabiola akasoma mahitaji kwa sauti yake ile ya chini: mchanga na kokoto tayari tumekusanya wenyewe, imebaki saruji, mifuko kumi na tisa. Scolastica akasimama. Alipanga hesabu yake hatua kwa hatua, madebe mia moja na hamsini, mafungu saba, mifuko kumi na mitatu, na kila mmoja wetu aliyewahi kushika debe aliielewa. Kisha akauliza ile mifuko sita inakwenda kulala wapi.

Neno kulala alilitamka vizuri sana. Hakuna aliyekosa kumtazama Fabiola.

Hermani akajibu kwamba mchanganyiko mkavu hunywea ukishalowa, lazima uongeze nusu yake: badala ya mia moja na hamsini, hesabu madebe mia mbili ishirini na tano, ndipo ugawe kwa saba. Alisema kweli tupu, lakini aliisema huku akitazama chini, na mafundi wanajulikana kwa saruji inayotembea. Scolastica akacheka. Akasema yeye akichanganya debe la maharage na madebe mawili ya mahindi anapata madebe matatu, hajawahi kuona moja linanywewa na mengine.

"Mama Brightness, zege siyo makande," Hermani alimwambia.

"Na mimi siyo mjinga, Baba Brightness. Waambie hawa kilichoko chini ya turubai kwa mtu."

Fabiola aligeuka rangi. Alifungua mdomo, akamtazama Hermani, akaufunga. Ukimya huo ukatutosha kama ushahidi. Mwenyekiti wetu, mama Bernadina, aliyependa amani kuliko ukweli, akaamua inunuliwe mifuko kumi na mitatu. Hermani akavaa kofia yake. Alisema leteni hiyo hiyo, ila mkumbuke zege likianza halisubiri mtu. Tangu hapo hawakusemeshana nyumbani, na Scolastica alijisikia ameshinda, japo alikuwa analala ameupa ukuta uso.

Siku ya kumwaga tulifika na umande. Mbao za pembeni zilikuwa zimefungwa, mawe yamepangwa na kushindiliwa chini. Hermani akaanza kona ya mbali ili amalizie mlangoni. Scolastica alijipa kazi ya kupima, maana hakumwamini mtu. Akapima kama mnadani, debe limejaa na kufagiwa kwa mkono: matatu na nusu ya mchanga, mfuko mmoja wa saruji, wanaume wakageuza kwa koleo mpaka rangi ikawa moja, kisha kokoto madebe saba, wakageuza tena, ndipo maji kidogo kidogo.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Mchanga na saruji vilikuwa lundo zuri, kokoto zikawekwa juu, lundo likawa kubwa. Koleo zilipopita na maji yakaingia, lile lundo likashuka. Mchanga ulikuwa unazama katikati ya kokoto kama ulezi ukiumwaga kwenye gunia la mahindi, na saruji inazama katikati ya mchanga. Zege likabebwa kwa madebe yaleyale, nusu nusu, na jicho lake likahesabu bila kutumwa. Yaliyoingia yalikuwa madebe kumi na mawili na robo. Yaliyotoka yalikuwa manane na kidogo.

Alipima mfuko wa pili, wa tatu, wa nne, kila mara akitumaini. Nilimwona midomo imekauka nikadhani ni vumbi.

Mfuko wa kumi na tatu ulipokwisha, zege lilikuwa limevuka katikati ya ghala na kusimama. Karibu theluthi ya sakafu, upande wa mlangoni, ilikuwa mawe matupu. Mchanga ulibaki, kokoto zilibaki, saruji hamna. Wanaume wakaegemea koleo. Hermani alieleza kwa utulivu, bila kumtazama mkewe: saruji nyingine iko mjini Katesh, kwenda na kurudi zege hili litakuwa limeshika, na jipya halitashikana na la zamani. Patakuwa na ufa ukuta hadi ukuta, na unyevu utapandia hapo hapo chini ya magunia yetu. Mvua nayo ilikuwa imeshafunika mlima.

Hakuna aliyemtukana Scolastica. Ingekuwa afadhali. Tulimtazama tu, akina mama tuliobeba mchanga kutoka korongoni na kuponda zile kokoto kwa nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ndipo Fabiola akasema, "Kwangu kuna mifuko saba. Twende tukaibebe."

Scolastica akasema kwa sauti iliyopasuka kwamba si ndiyo hiyo aliyoisema. Fabiola akamgeukia.

"Ni ya kaburi la Yohanes, dada. Nimeinunua kwa vitunguu vyangu. Wakwe waliahidi kulijengea, nikaona mwaka unapita. Nilimwomba fundi anipigie hesabu yake jioni, asimwambie mtu, wasije wakaona nimewaaibisha." Akaanza kutembea. "Yohanes hana haraka. Zege lina haraka."

Tukaenda. Scolastica alibeba mfuko kichwani peke yake, kilo hamsini, akakataa kusaidiwa kuutua. Ilitumika mifuko sita, zege likafika mlangoni, na Hermani alipopitisha ubao wa kusawazisha matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka juu ya bati. Sakafu ile ipo mpaka leo, haina ufa.

Kikundi kilirudisha saruji ya Fabiola baada ya mauzo. Kokoto za kaburi Scolastica aliziponda mwenyewe kwa nyundo, hakutaka mtu. Alifanya na hesabu yake, akaongeza nusu, na Hermani alipoikagua hakubadilisha kitu. Wakaanza kusemeshana tena, habari za ng'ombe na ada ya Brightness, mambo ya kawaida.

Siku ya kujengea kaburi tulikuwepo wachache, na wakwe nao walikuja, wamenuna lakini wamekuja. Zege likamwagwa, Hermani akalisawazisha kwa ubao, akasogea pembeni. Fabiola akapiga magoti. Akalowanisha kiganja na kuanza kukipitisha juu ya zege bichi, taratibu, kuanzia kichwani kuelekea miguuni, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka asimwamshe. Hakulia.

Nilikuwa nimesimama karibu na Scolastica na nikaona uso wake unabadilika. Nilidhani ni toba. Kumbe ni wivu, uleule, umempanda upya na safari hii hauna pa kwenda. Alimtazama mumewe aliyekuwa hatua chache, mzima, mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, akisubiri kuambiwa waondoke.

"Wangu yuko hai," aliniambia kwa sauti ya chini, "na sikumbuki ni lini nilimshika hivyo."